Gemu moja, watu watano: namna ya kugawa kazi, majina na mapato kabla hamjagombana

Timu ya kwanza ya gemu niliyojiunga nayo ilikuwa na watu wanne, na siku ya kwanza tu tukagawana robo robo. Mjadala haukuchukua hata dakika tano. Miezi mitatu baadaye mmoja wetu alikuwa amechora skrini moja ya mwanzo kisha akapotea, mwingine alikuwa anakesha na hitilafu za programu, na wote wawili bado walikuwa na asilimia 25. Hakuna aliyekuwa tapeli pale. Tuligawa malipo ya kazi ambayo ilikuwa haijafanywa, kwa kukisia tu nani angeifanya.

Njia ninayoieleza hapa ndiyo niliyoitumia katika timu iliyofuata. Asilimia haziandikwi mwanzoni. Kinachoandikwa mwanzoni ni namna ya kuzihesabu, na hesabu yenyewe hufungwa siku gemu inapotoka. Kila kipande cha kazi kina pointi, pointi zinaingia kwenye daftari moja ambalo wote wanaliona, na sehemu yako ya mapato ni pointi zako zikigawanywa kwa pointi zote.

Timu yetu ilikuwa na mratibu ambaye pia alibuni ngazi za gemu, mtu wa programu, mchoraji na mtu wa muziki. Wa tano alikuja katikati ya safari, na sababu yake nitaieleza.

Hatua ya 1: Kila eneo na mwenye neno la mwisho

Kabla ya kuzungumzia pesa, andikeni maeneo ya kazi na jina moja mbele ya kila eneo. Mtu huyo si lazima afanye kazi yote ya eneo lake, ila wakibishana watu wawili juu ya jambo la eneo hilo, yeye ndiye anayeamua. Mchoraji anaamua rangi, mtu wa muziki anaamua sauti ya mlango. Mratibu anaamua mambo mawili tu: kipi kinaingia kwenye toleo hili na kipi kinasubiri toleo lijalo.

Hapa ndipo mnapokutana na yule anayesema, "Mimi ndiye mwenye wazo." Wazo halina pointi. Akiandika sheria za gemu zikaeleweka, akachora mpango wa ngazi kumi, akapanga maadui watokee wapi na kwa wingi gani, hiyo ni kazi na inahesabiwa kama kazi nyingine yoyote. Lisemeni hili wiki ya kwanza, wakati halijamgusa mtu kwa jina.

Kuratibu ni kinyume chake: ni kazi ambayo haiachi faili lolote nyuma. Kufuatilia watu, kujaribu toleo jipya, kuandika ukurasa wa duka, kujibu ujumbe. Ikiachwa ijihesabu yenyewe haitahesabiwa kamwe. Sisi tulimpa mratibu pointi 2 kila wiki, zisizobadilika, kwa sharti kwamba wiki ambayo hakuratibu anaziacha mwenyewe. Kwa wiki 43 zilifika 86.

Hatua ya 2: Kadirieni pointi kabla kazi haijaanza

Pointi moja kwetu ilikuwa sawa na saa moja ya kazi kama tunavyoikadiria kabla, si kama mtu anavyoiripoti baadaye. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mkilipa saa zilizoripotiwa, anayefanya kazi polepole anapata zaidi, na mwaminifu anayesahau kuandika anapata kidogo. Mkilipa makadirio, kila mtu anajua thamani ya kazi kabla hajaigusa.

Makadirio yafanywe na watu wawili: atakayeifanya na mmoja kutoka eneo jingine. Kila mmoja anaandika namba yake bila kumwonyesha mwenzake, kisha wanazifunua pamoja. Zikikaribiana, chukueni katikati. Moja ikizidi nyingine zaidi ya maradufu, acheni namba na mzungumze, kwa sababu karibu kila mara mnafikiria kazi mbili tofauti. Kwetu mchoraji aliandika 16 kwa adui mmoja na mtu wa programu akaandika 6. Mtu wa programu alikuwa anamwona adui anayetembea tu. Mchoraji alikuwa anahesabu kutembea, kushambulia na kufa, kila kimoja kwa pande nne. Tulikubaliana 14, tukaikata kazi vipande viwili: kutembea pointi 6, yaliyobaki pointi 8.

Kukata huko tulikufanya kuwa sheria: kazi isizidi pointi 12. Kazi kubwa kuliko hiyo haijaeleweka bado, na ndiyo inayokaa wiki tatu ikiitwa "karibu imeisha".

Je, saa ya mtu wa programu na saa ya mchoraji ziwe sawa? Kwenye soko la ajira hazilipwi sawa, na wapo watakaotaka uzito tofauti kwa kila ujuzi. Ushauri wangu ni kuziweka sawa. Katika timu ya kujitolea hakuna anayeacha mshahara mbele yenu. Kila mtu anatoa jioni zake, na jioni ya mmoja haina urefu zaidi ya jioni ya mwenzake. Isitoshe, mjadala wa uzito hauna mwisho, na mkiufungua mnaweza kumpoteza mtu wa muziki kabla hajatunga wimbo.

Hatua ya 3: Daftari

Lahajedwali la kawaida linatosha. Ukitaka, weka faili dogo pamoja na mafaili ya gemu lenyewe:

```
tarehe,nani,kazi,pointi,aliyekubali
03-12,mchoraji,adui kutembea,6,mratibu
03-15,programu,kuhifadhi mchezo,10,mratibu
03-15,muziki,sauti za menyu,4,programu
```

Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Pointi zinaandikwa siku kazi inapoingia kwenye toleo linaloweza kuchezwa, na mtu mwingine anakubali kuwa imeingia. Nusu ya kazi haina pointi, ila unaweza kuikata vipande na kuandikiwa kipande kilichokamilika.

Na kazi iliyokubaliwa ikitupwa baadaye? Inabaki na pointi zake. Timu ikibadilisha mawazo, gharama ni ya timu, haimwangukii aliyefanya alichoombwa. Tusingekuwa na sheria hii tungevunjika mwezi wa tano, kama mtakavyoona.

Wengine hutaka kuepuka daftari kwa kuhesabu kumbukumbu za mabadiliko ya mafaili. Kwenye git, programu inayotunza kumbukumbu hizo, amri ni hii:

```
git shortlog -sn
```

Inaonyesha kila mtu amehifadhi mabadiliko mara ngapi, na kwa kugawia mapato haifai kabisa. Mmoja anahifadhi kila mstari, mwingine anahifadhi kazi ya siku nzima mara moja. Mtu wa muziki anayetuma nyimbo zake kwa barua pepe ili mwingine aziweke hatakuwepo kwenye orodha hata kidogo. Itumieni kukumbushana kazi iliyosahauliwa kuandikwa, basi.

Mara moja kwa mwezi someni daftari pamoja, dakika ishirini hivi. Pingamizi kuhusu pointi za mwezi huo zitolewe hapo hapo. Mwezi ukishafungwa haufunguliwi tena. Dalili mbaya ya kuangalia ni jina ambalo halina mstari mpya kwa wiki sita huku mwenyewe akisema bado yupo. Muulizeni mapema, tena kwa upole. Mara nyingi anasubiri mtu amruhusu aondoke.

Hatua ya 4: Anayeondoka

Mwezi wa nne mchoraji wetu alipata shughuli nyingine akaaga. Alikuwa na pointi 120. Aliyempokea alikuja na mtindo tofauti, na karibu nusu ya picha za kwanza zikachorwa upya. Mtu wa programu akauliza swali ambalo kila timu huliuliza: kwa nini tumlipe mtu kwa picha ambazo hazimo?

Jibu lilikuwa tayari limeandikwa. Picha zilikubaliwa zilipoingia, na zilitumika kujaribu gemu kwa miezi minne. Sheria yetu ilisema anayeondoka anabaki na pointi zote alizokwisha kuandikiwa, lakini haongezi nyingine. Kadiri waliobaki wanavyoendelea kufanya kazi, jumla inakua na asilimia yake inapungua yenyewe. Siku alipoondoka jumla ilikuwa pointi 400, hivyo sehemu yake ilikuwa asilimia 30. Gemu ilipotoka jumla ilikuwa 1,000 na sehemu yake imeshuka hadi 12. Hakuna aliyemnyang'anya kitu wala aliyelazimika kumwambia "tunakupunguzia".

Wekeni pia kizingiti kwa wanaopita tu. Kwetu kilikuwa pointi 20: ukiondoka chini ya hapo, jina lako linaandikwa lakini huna mgawo wa pesa. Ukifika 20, zote zinahesabiwa tangu ya kwanza. Mtu mwenye pointi 5 kati ya 1,000 anaweza kudai kiasi ambacho ada ya kukituma inakimeza chote.

Jambo jingine la kuandika ni hakimiliki, na hapa msiwe wavivu. Katika nchi nyingi kazi ya mtu asiyeajiriwa ni mali yake mpaka aandike vinginevyo. Kwa hiyo bila maandishi, mchoraji aliyeondoka kwa hasira anaweza kudai picha zake zitolewe, na duka likipokea malalamiko ya hakimiliki linaweza kuishusha gemu yote. Sisi tuliandika hivi, na kila mtu alisaini siku aliyojiunga: "Kazi yangu inabaki yangu. Naipa timu ruhusa isiyoondolewa ya kuitumia, kuibadilisha na kuiuza ndani ya gemu hii, masasisho yake na matangazo yake. Kwa matumizi mengine yoyote lazima niulizwe." Kwa njia hiyo mchoraji anaweza kuonyesha kazi zake anapotafuta ajira, na timu haiwezi kushikwa mateka. Mkijapata mchapishaji atakayetaka hakimiliki yote, mtalazimika kusaini upya na kila mmoja, kwa hiyo anwani za walioondoka zitunzeni.

Hatua ya 5: Majina

Majina na pesa ni mambo mawili tofauti, na kosa la kawaida ni kutumia moja kuadhibu kwa jingine. Mtu anaweza kusamehe mgawo wake wote lakini asiwe tayari kufutwa jina, kwa sababu jina hilo ndilo ushahidi wake atakapoomba kazi.

Fungua faili liitwalo `CREDITS.md` wiki ya kwanza. Siku kazi yako ya kwanza inapoingia kwenye gemu, unaongeza mstari wako mwenyewe: jina unavyotaka liandikwe, na ulichofanya. Ukingoja mwisho, hakuna atakayekumbuka nani alitengeneza sauti za nyayo. Cheo kifuate kazi iliyofanyika, si cheo alichoahidiwa mtu siku ya kwanza. Aliyeondoka anabaki chini ya kichwa kile kile na wenzake. IGDA, chama cha kimataifa cha watengeneza gemu, nacho katika mwongozo wake wa majina kinataka walioondoka kabla ya gemu kutoka watajwe. Kumhamishia mchoraji mwenye pointi 120 kwenye "shukrani za pekee" ni kumfuta kwa adabu. Wachoraji wetu wawili waliandikwa pamoja kwa alfabeti.

Orodha hiyo hiyo ibebe vitu mlivyochukua nje. Sauti au fonti za herufi zenye leseni ya CC BY zinakulazimu kumtaja mwenyewe, na zenye alama ya NC haziruhusiwi kwenye matumizi ya kibiashara, hata kama ni mlio mmoja wa kitufe. Zikagueni kabla ya kuuza.

Siku mbili kabla ya kutoka, mtumieni kila aliyemo picha ya skrini ya majina, ajibu kwamba mstari wake ni sahihi. Kwetu jina la mtu wa muziki lilikuwa limekosewa herufi mbili.

Hatua ya 6: Pesa inatoka kwa mpangilio gani

Neno "mapato" peke yake ni mtego. Mmoja anasikia bei ya gemu mara idadi ya nakala, mwingine anasikia kilichofika benki. Andikeni mpangilio mzima, kutoka juu hadi chini. Wacha niupitishe na namba rahisi za mfano ili hesabu ionekane.

Tuseme gemu inauzwa dola 5 kwenye duka la Steam na zimenunuliwa nakala 600, yaani dola 3,000. Nakala 60 zimerudishwa. Steam humrudishia mnunuzi akiomba ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa mbili. Zinabaki dola 2,700. Kodi za mauzo za nchi za wanunuzi zinakatwa, tuseme 200, tunabaki na 2,500. Steam inachukua asilimia 30, yaani 750. Sasa ni dola 1,750. Kwenye itch.io muuzaji huchagua mwenyewe asilimia ya kuliachia duka, na isipoguswa ni 10, kwa hiyo kila duka lina hesabu yake.

Kinachofuata ni kurudisha pesa za mifukoni. Steam hutoza dola 100 kuingiza gemu, na huzirudisha gemu ikishaingiza dola 1,000. Hizo zinaenda moja kwa moja kwa aliyezilipa na siziweki kwenye hesabu hii. Fonti na sauti tulizonunua pamoja na ada za kutuma pesa zilikuwa dola 150. Aliyetoa pesa anarudishiwa pesa yake, basi. Msiigeuze kuwa pointi, vinginevyo mwenye mfuko mnene atanunua gemu ambayo wengine wameijenga.

Zimebaki 1,600. Asilimia 10, yaani 160, inaingia akiba ya matengenezo. Kinachogawanywa ni dola 1,440, kwa pointi 1,000:

```
programu            420   604.80
mchoraji wa pili    200   288.00
mratibu             180   259.20
mchoraji wa kwanza  120   172.80
muziki               80   115.20
```

Tungegawana sawa kwa sawa, kila mmoja angepata dola 288. Mchoraji wa pili asingeona tofauti yoyote, lakini aliyeondoka mwezi wa nne angelipwa sawasawa na aliyeandika programu yote.

Ile akiba inajibu swali la baada ya kutoka. Pointi 1,000 zimefungwa na hazibadiliki tena, ila hitilafu zinaendelea kuja na mtu lazima azirekebishe. Kwa hiyo tulifungua daftari la pili, dogo, la kila robo mwaka. Robo ya kwanza mtu wa programu aliandikiwa pointi 12 za marekebisho na mratibu 4. Kwa mfano wetu wa dola 160, wa kwanza anachukua 120 na wa pili 40. Hapa nako saa moja inaweza kulipa vizuri au vibaya kutegemea mauzo, na mtu wa programu alinung'unika kidogo. Bado sijaona njia iliyo bora zaidi.

Hatua ya 7: Akaunti ya nani

Duka halitawagawia. Steam hutuma malipo kwenye akaunti moja ya benki, na mwenye akaunti hiyo ndiye anayeonekana mbele ya mamlaka ya kodi kama aliyepata pesa zote. Asipotaja hili mapema, atalipa kodi ya watu watano kutoka mgawo wa mmoja. Andikeni kwamba kodi inayotokana na kupokea kwa niaba ya timu inakatwa kabla ya mgawo, na kwamba kila malipo yanaambatana na risiti ndogo inayoonyesha mpangilio ule wa juu. Pesa zikianza kuwa nyingi, sajilini kampuni au ushirika, na hapo mwoneni mwanasheria.

Mpokeaji naye asiachwe gizani peke yake na namba. Akaunti ya Steamworks, upande wa Steam wa watengeneza gemu, inaruhusu kuongeza watu na kumpa kila mmoja ruhusa za kwake, ikiwemo ya kuona taarifa za fedha. Mpeni ruhusa hiyo angalau mtu mmoja zaidi. Malipo yafanyike kila miezi mitatu, na mgawo ulio chini ya dola 20 usogezwe robo inayofuata.

Hatua ya 8: Gemu ikifa njiani

Gemu nyingi za kujitolea hazitoki, kwa hiyo kipengele hiki mtakitumia zaidi kuliko cha mapato. Chetu kilisema: ikipita miezi mitatu bila mstari wowote kuingia kwenye daftari, mtu yeyote anaweza kuitisha kikao, na wasipojitokeza angalau wawili wanaotaka kuendelea, mradi umefungwa. Pointi zinafutika, ruhusa ya kutumia kazi za wenzako, ile ambayo mtu mmoja hawezi kuiondoa, inakoma kwa wote, na kila mtu anaondoka na alichotengeneza kwa mkono wake. Nyimbo zinarudi kwa mtu wa muziki, picha kwa wachoraji, programu kwa aliyeiandika. Wakijitokeza wawili, wanaendelea na daftari lile lile, na walioondoka wanabaki na pointi zao.

Maandishi yote haya yalitutosha kwenye kurasa mbili. Mchoraji wa pili alizisoma na kuzisaini kabla hatujamtumia faili hata moja, na swali lake pekee lilikuwa kama pointi za aliyemtangulia zingepunguza zake. Tulimwonyesha daftari, akapiga hesabu mwenyewe, akaanza na yule adui wa pande nne.